Mzio wa mpira na matunda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ndizi, parachichi na kiwi

Kwa nini mtu anayewashwa na glavu aulizwe kama anakula parachichi?

Kwa sababu glavu na parachichi vinaweza kuwa na protini inayofanana kiasi kwamba mwili unashindwa kuzitofautisha. Glavu za mpira wa asili hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni bonde la Amazoni. Utomvu huo una protini nyingi, na baadhi yake hubaki katika glavu hata baada ya kuoshwa na kuchemshwa kiwandani. Mtu aliyegusana nazo kwa miaka anaweza kutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi yake. Siku anapokula tunda lenye protini ya umbo hilohilo, kingamwili hizo huinasa protini ya tunda kana kwamba ni ya mpira, kemikali ya mwili iitwayo histamini humwagwa, na mdomo huanza kuwasha.

Mwaka 1994 daktari Carlos Blanco na wenzake wa Hispania waliuelezea uhusiano huu kuwa ugonjwa mmoja wenye dalili zake. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya watu wenye mzio wa mpira wana mwitikio fulani kwa chakula kitokanacho na mimea. Kwa upande wa pili uwiano ni mdogo: wengi wanaosumbuliwa na tunda moja tu hawana shida yoyote na mpira.

Protini hiyo ni ipi hasa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mti wa mpira unapokatwa gome, utomvu hutiririka na kuziba jeraha. Utomvu huo si wa kuziba tu. Umebeba pia silaha dhidi ya kuvu na wadudu ambao wangeingia kupitia jeraha hilo. Mojawapo ya silaha hizo ni protini ndogo iitwayo hevini, yenye asidi amino 43 tu, ambayo hushikamana na kitini, yaani kile kinachojenga kuta za seli za kuvu na maganda ya wadudu. Katika majibu ya maabara hevini huandikwa Hev b 6.02, na ni mojawapo ya vizio vikuu, yaani vitu vinavyoleta mzio, vya wahudumu wa afya wenye mzio wa mpira.

Parachichi, ndizi na chesnati, aina ya kokwa ya Ulaya, hazina hevini yenyewe. Zina kimeng'enya kiitwacho kitinasi, kazi yake ikiwa kukikatakata kitini, na mwanzoni mwa kimeng'enya hicho pana kipande ambacho umbo lake linakaribiana sana na la hevini. Kingamwili ya mtu aliyezoea kupambana na hevini hukinasa kipande hicho. Kwa hiyo mpira na tunda havihusiani kiukoo. Mparachichi na mti wa mpira ni wa familia mbili tofauti kabisa za mimea. Kinachofanana ni silaha, kwa kuwa mimea mingi hupambana na maadui walewale kwa njia ileile.

Zipo protini nyingine zinazochangia. Hev b 5, kwa mfano, ina jamaa yake katika kiwi, na Hev b 7 inafanana na protini moja ya viazi mviringo. Hata hivyo, anayeielewa hevini na kitinasi ameelewa sehemu kubwa ya habari ya ndizi na parachichi.

Je, tatizo ni utomvu wa ndizi, ule unaonata mikononi na kuacha madoa kwenye nguo?

Hapana. Dhana hii ni ya kawaida kwa sababu neno utomvu linatumika kwa vyote viwili, lakini kizio kinachozungumziwa kimo ndani ya nyama ya tunda. Ndizi iliyooshwa vizuri na kumenywa kwa uangalifu bado ina kitinasi yake yote.

Papai lina sura mbili. Nyama ya papai ina kitinasi na linaorodheshwa miongoni mwa matunda yanayohusiana na mpira, lakini utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kingine kiitwacho papaini, kile kinacholainisha nyama ngumu jikoni, na papaini inaweza kuleta mzio wake peke yake bila mpira kuhusika.

Ni matunda gani yanayohusika zaidi?

Parachichi, ndizi na chesnati ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na kiwi hutajwa pamoja nayo mara nyingi. Baada ya hapo huja papai, karakara, embe, nyanya, viazi mviringo na matunda ya jamii ya topetope na stafeli. Orodha zinazosambaa huwa ndefu kuliko hii, na nyingine huwa na vyakula zaidi ya thelathini. Ushauri wangu ni kutoibandika orodha ya namna hiyo ukutani jikoni. Chakula huingia katika orodha kwa sababu mtu mmoja mahali fulani aliripotiwa kupata dalili, au kwa sababu kipimo cha damu kilionyesha kingamwili, na mambo hayo mawili hayana uzito sawa.

Kiwi inahitaji tahadhari ya aina yake. Watu wengi wenye mzio wa kiwi hawana mzio wa mpira hata kidogo, kwani kizio chake kikuu, aktinidini, ni protini nyingine isiyotokana na uhusiano huu. Mtu aliyevimba midomo baada ya kula kiwi asikimbilie kuhitimisha kwamba glavu nazo zitamdhuru. Apimwe.

Na muhogo?

Swali hili huulizwa mara chache mno, ilhali kwetu lina uzito kuliko la kiwi. Muhogo na mti wa mpira ni wa familia moja ya mimea, na hapa ukoo ni wa kweli. Wanaokula kisamvu cha mpira pwani na bara wanaujua ukaribu huo kwa jina: ule mti, Manihot glaziovii, ulipandwa na Wajerumani katika eneo la Tanga kwa ajili ya mpira kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye watafiti wa Amani, Usambara, waliuchanganya na muhogo wa kawaida ili kupata mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato.

Kwa upande wa mzio, wagonjwa wachache wenye mzio wa mpira wameripotiwa kupata dalili kali baada ya kula muhogo, na ripoti hizo zimetoka hasa Brazili, Ureno na Hispania. Kizio kilichotambuliwa, Man e 5, kinafanana na Hev b 5 ya mpira. Tofauti yake na kitinasi, ambayo huharibiwa na moto, ni kwamba muhogo hauliwi mbichi kwa kawaida, na wagonjwa hao walikuwa wamekula muhogo uliopikwa. Hivyo kwa muhogo kupika si kinga ya kutegemewa. Hii haina maana kwamba kila mwenye mzio wa mpira aache ugali wa muhogo. Maana yake ni kwamba daktari wa Afrika Mashariki anayemhoji mgonjwa kuhusu ndizi na parachichi amuulize na muhogo pia.

Je, ndizi iliyopikwa ni salama kuliko mbivu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kitinasi ya matunda huharibiwa na moto, na ndiyo maana mtu anayewashwa ulimi kwa ndizi mbivu mara nyingi hula matoke au mtori bila dalili yoyote. Parachichi halina njia hii ya kutokea, kwani karibu kila mara huliwa bila kupikwa.

Jambo la pili linahusu namna ndizi inavyoivishwa. Mwaka 2000 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba vyakula vya mimea vikiwekwa katika gesi ya ethilini hutengeneza kitinasi zaidi ya aina inayoleta mzio, na kwamba vikipashwa moto uwezo wa kitinasi hiyo kunasa kingamwili hupotea. Ethilini ndiyo gesi ambayo tunda lenyewe huitoa likiiva, na ndiyo inayotumika katika vyumba vya kuivishia ndizi za biashara. Kuvundika ndizi kwa kuzifukia na kuzipitishia moshi ni njia ya zamani ya kupata athari hiyohiyo, kwa kuwa moshi una ethilini ndani yake. Jambo hili linaweza kusaidia kueleza kwa nini mtu mmoja hula ndizi leo bila tatizo na kesho akawashwa na ndizi ya mkungu mwingine. Lisigeuzwe kuwa kanuni ya sokoni, kwani hakuna anayeweza kupima kitinasi kwa kulitazama ganda.

Mtu aliyewahi kupumua kwa shida au kuzimia baada ya kula ndizi asijaribu ndizi ya kupika nyumbani kwa kutegemea maelezo haya. Jaribio hilo hufanyika mbele ya mtaalamu, dawa zikiwa tayari.

Mikono yangu huwasha nikivaa glavu. Je, niache parachichi?

Huenda usihitaji kabisa, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mikono inaweza kuharibiwa na glavu kwa njia tatu, na moja tu kati ya hizo inahusiana na matunda.

Ya kwanza ni ukavu na michubuko inayoletwa na jasho, sabuni na kunawa mara nyingi. Ngozi huwa kavu na kupasuka, hasa migongoni mwa vidole, na hali hupoa siku za mapumziko. Huu si mzio.

Ya pili ni mzio wa kuchelewa. Unatokana na kemikali zinazoongezwa kiwandani ili mpira ukomae haraka, kama vile tiuramu na kabamati, wala hautokani na protini za mpira. Upele huanza saa nyingi baadaye, mara nyingi siku ya pili, una malengelenge madogo, na huishia pale glavu inapoishia kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa wa namna hii anaweza kula parachichi na ndizi bila wasiwasi. Anapaswa kujua pia kwamba glavu za nitrili, ambazo si za mpira wa asili, nyingi zina kemikali za kundi hilohilo, kwa hiyo kubadili glavu kunaweza kusimsaidie hadi apate zisizo na kemikali hizo.

Ya tatu ndiyo yetu, yaani mzio wa protini za mpira. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi nusu saa: mabaka yaliyovimba yanayowasha, chafya, macho mekundu, pumu, na kwa wachache shinikizo la damu kushuka. Mtu huyu anaweza kupiga chafya bila hata kuzivaa glavu, mwenzake anapozitoa tu kwenye boksi, kwa sababu unga wa mahindi uliowekwa ndani ya glavu za zamani hubeba protini hewani. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku glavu za kitabibu zenye unga kuanzia tarehe 18 Januari 2017, na Ujerumani ilikuwa imeziacha mapema zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo wagonjwa wapya miongoni mwa wahudumu wa afya walipungua sana.

Kwa ufupi, swali la kujiuliza kwanza ni la saa: dalili zilianza dakika ngapi baada ya kuvaa?

Ni nani walio katika hatari zaidi?

Wahudumu wa afya, wafanyakazi wa viwanda vya mpira, na watu waliofanyiwa upasuaji mara nyingi. Kundi linalosahauliwa ni watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Hao hufanyiwa upasuaji tangu siku za mwanzo za maisha na wengine huwekewa mrija wa mkojo kila siku, kwa hiyo hugusana na mpira kupitia utando laini wa ndani ambao hupitisha protini kwa urahisi kuliko ngozi ya kiganja. Mzazi wa mtoto wa namna hii aombe vifaa visivyo vya mpira wa asili tangu mwanzo, kabla mzio haujajitokeza.

Kipimo hufanywaje, na majibu yanasomwaje?

Kipimo cha ngozi ndicho cha kawaida. Tone la protini za mpira huwekwa kwenye mkono na ngozi huchomwa juujuu kupitia tone hilo. Baada ya dakika 15 hadi 20 kivimbe hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na tone la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuvimba, na tone la histamini, ambalo lazima livimbe. Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Dawa za mzio kama setirizini huachwa siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo huonyesha uongo wa kutuliza.

Kwa matunda, dawa za kupimia zinazouzwa zikiwa tayari haziaminiki sana, kwa kuwa protini za matunda huharibika haraka zikihifadhiwa. Wataalamu hutumia tunda lenyewe likiwa bichi: sindano huchoma ndizi kwanza, kisha ngozi. Mgonjwa huombwa kuja na tunda lake kutoka sokoni, na hili linawezekana hata katika hospitali isiyo na maabara kubwa, mradi pawe na mtu aliyefunzwa na dawa za dharura zipo.

Kipimo cha damu huonyesha IgE. Kikivunjwa kwa protini mojamoja husaidia zaidi, kwa sababu si kila kingamwili ina maana sawa. Hev b 6.02 ikiwa juu, pamoja na dalili za dakika chache, basi mzio wa mpira ni wa kweli na parachichi na ndizi huangaliwa kwa makini. Hev b 8 ikiwa peke yake, hali ni nyingine: hiyo ni profilini, protini iliyomo karibu katika kila mmea, na wengi wenye jibu hilo walipata kingamwili zao kutokana na chavua za maua, nao huvaa glavu bila kudhurika.

Nisisitize hapa: kipimo chanya bila dalili si ugonjwa. Kinaonyesha kwamba kingamwili zipo. Mtu anayekula ndizi kila siku bila tatizo hapaswi kunyimwa ndizi kwa sababu ya karatasi ya maabara.

Tupe mfano wa mgonjwa mmoja, kuanzia mwanzo hadi uamuzi.

Huu ni mfano uliotungwa, lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa kliniki.

Muuguzi wa wodi ya wazazi, umri wa miaka 34, ana miaka 11 kazini. Kwa muda mrefu mikono yake ilikuwa mikavu, naye hakujali. Mwaka huu mambo yamebadilika: dakika kumi baada ya kuvaa glavu hupata mabaka hadi kwenye kifundo cha mkono, na anapiga chafya mwenzake akifungua boksi jipya. Jioni moja alikula nusu ya parachichi. Ndani ya dakika tano ulimi uliwasha, midomo ikavimba, shingo ikatoka mabaka na sauti ikakwaruza. Ndizi mbivu hula karibu kila asubuhi. Kiwi alikula mara moja harusini, bila dalili.

Daktari anayasikia mambo matatu. Ukavu wa miaka yote ulikuwa wa sabuni na kunawa, nao uliidhoofisha ngozi ikapitisha protini. Mabaka ya dakika kumi ni mzio. Sauti kukwaruza ni jambo kubwa kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha kwamba uvimbe ulikaribia njia ya hewa. Dalili hazikuishia mdomoni.

Muuguzi anaacha dawa za mzio kwa wiki moja, kisha anapimwa. Maji ya chumvi: milimita 0. Histamini: 5. Mpira: 8. Parachichi bichi: 7. Ndizi mbivu: 4. Kiwi: 0. Katika damu, Hev b 6.02 iko juu na Hev b 8 haipo.

Uamuzi unaotokana na majibu hayo ni huu. Parachichi anaacha kabisa, hata kipande ndani ya kachumbari au juisi ya mchanganyiko, kwa sababu hapo historia na kipimo vinakubaliana na dalili zilikuwa kali. Ndizi anaendelea kula, ingawa kipimo ni chanya, kwa sababu anaila mara kwa mara na mwili wake unaivumilia. Anaelezwa tu kwamba aache na kurudi kliniki mara ulimi utakapoanza kuwasha, na kwamba asile ndizi nyingi muda mfupi kabla ya mazoezi makali, wala pamoja na pombe au dawa za maumivu za kundi la aspirini, kwani hayo huweza kuufanya mzio mdogo uwe mkubwa. Kiwi haikatazwi.

Kazini, yeye anapewa glavu za nitrili. Hilo pekee halitoshi: wenzake wa wodi hiyo nao wanahitaji kutumia glavu zisizo na unga, la sivyo ataendelea kuvuta hewani kile alichokivua mikononi. Faili lake linaandikwa kwa maneno kamili, mzio wa mpira wa asili na wa parachichi, ili siku akilazwa yeye mwenyewe asivikwe mrija wa mpira. Pia anafundishwa kutumia adrenalini.

Daktari angeweza kukosea kwa njia mbili. Angemwambia kuwa ni upele wa sabuni na kumpa krimu, muuguzi angerudi kwenye glavu zilezile. Au angempa orodha ya vyakula thelathini vya kuepuka, naye angeacha ndizi, nyanya, viazi na embe bila faida yoyote.

Nifanye nini dalili kali zikianza?

Kuwashwa mdomo peke yake hutulia kwa kuacha tunda, kusukutua na kumeza dawa ya mzio. Ikiwa kuna shida ya kupumua, sauti kukwaruza, kizunguzungu, kutapika mfululizo pamoja na mabaka, au kuzimia, dawa ya kwanza ni adrenalini. Vidonge vya mzio havifungui njia ya hewa na havipandishi shinikizo la damu.

Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita hudungwa kwenye msuli, upande wa nje wa paja katikati. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na hakizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15, yaani mililita 0.15. Hali isipobadilika hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aachwe aketi, lakini asisimamishwe ghafla wala kutembezwa. Kisha apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Sindano za kujidunga zenye kipimo tayari ni adimu na ghali katika maduka mengi ya dawa ya kwetu. Hospitali nyingi hutumia chupa ndogo za kawaida za adrenalini, na mgonjwa anayeishi mbali na hospitali azungumze na daktari wake mapema kuhusu namna ya kuwa nayo na nani wa nyumbani afundishwe kuipima.

Nina mzio wa ndizi na parachichi. Nimwambie daktari wa upasuaji?

Mwambie, hata kama hujawahi kudhurika na glavu. Tumbo likifunguliwa, protini za glavu hugusa utando wa ndani moja kwa moja, na mwitikio huja mara nyingi dakika 30 au zaidi baada ya upasuaji kuanza, wakati ambapo madaktari wanaweza kudhani ni damu iliyopotea au dawa ya usingizi. Mwaka 1991 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vilivyohusishwa na mirija yenye puto la mpira iliyotumika katika picha za eksirei za utumbo mpana, na si wote waliokufa walikuwa wanajijua kuwa na mzio.

Mgonjwa anayejulikana huwekwa wa kwanza asubuhi, kabla hewa ya chumba haijajaa unga wa glavu za wagonjwa waliotangulia. Daktari wa meno na mkunga waambiwe pia.

Kondomu je?

Za kawaida ni za mpira wa asili. Zipo za poliyurethani na za poliisoprini, ambazo ni za kutengenezwa na hazina protini za mti. Zile za utumbo wa kondoo hazileti mzio wa mpira lakini hazizuii virusi vya Ukimwi.

Na rangi ya ukutani inayouzwa kwa jina la lateksi, yaani utomvu wa mpira?

Hiyo ni jina tu. Rangi hizo hutengenezwa kwa kemikali za viwandani zisizo na utomvu wa mti wa mpira, na mwenye mzio anaweza kupaka nyumba yake. Baloni za watoto, kinyume chake, nyingi ni za mpira wa asili, na kuzipuliza kwa mdomo ni njia ya haraka ya kuzifikisha protini kwenye midomo.